Koti la Marehemu na Karatasi ya Matangazo

Mwaka wangu wa kichungaji niliufanya katika parokia moja ya vijijini, magharibi ya mji wa Tabora, kando ya reli inayokwenda Kigoma. Huko ndiko nilikojifunza kwamba methali inaweza kumuumiza mtu kuliko tusi. Jambo hili nimelizungumza na wenzangu mara nyingi tukicheka, lakini lilipotokea halikuwa la kuchekesha, na nadhani linawahusu wote wanaopewa kipaza sauti kanisani, kuanzia mapadre hadi wenyeviti wa jumuiya.

Alifariki mzee mmoja wa kigango, Mnyamwezi, mkulima wa tumbaku na karanga. Alikuwa mtu wa watu, ila kwa miaka mitatu kadi yake ya zaka ilikuwa tupu, na kwenye jumuiya alionekana kwa nadra. Asubuhi ya mazishi nilifika nyumbani kwa marehemu mapema. Nilikuta uwanjani mzee wa Kizaramo, mstaafu wa reli aliyehamia huko zamani, amevaa koti la marehemu na kofia yake, ameshika bakora yake, anatembea kwa kuchechemea vilevile kama alivyokuwa akichechemea marehemu. Alikwenda kwa kila kundi la waombolezaji akidai: "Nilipeni! Huyu amekufa na deni langu la samaki!" Watu walicheka mpaka machozi ya kilio yakachanganyika na ya kicheko. Dada yake mjane alimmwagia majivu mgongoni. Mjane mwenyewe, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alitabasamu, kisha akakubali kunywa uji.

Mimi nikaona, nikapenda. Misa ilipokaribia kwisha, paroko akanikabidhi karatasi ya matangazo. Mstari wa mwisho uliandikwa: "Kukumbusha zaka." Nikajua ni jambo zito kulisema mbele ya jeneza, nikaamua kulilainisha. Nikasema mzee wetu alikuwa mwepesi wa kucheka lakini mzito wa zaka, na wahenga walishanena, kukopa harusi, kulipa matanga. Basi sisi tuliobaki tusingoje matanga.

Kicheko kilitoka nyuma, kwa vijana waliosimama mlangoni. Mabenchi ya mbele hayakucheka. Wanawake waliinamisha vichwa na kuvuta khanga zao mabegani. Mtoto mkubwa wa marehemu, aliyesafiri kutoka Dar es Salaam, alinitazama moja kwa moja, na baada ya Misa akanipa mkono akasema, "Umesema kweli, Frateri," kwa sauti ambayo ingekuwa afadhali anitukane. Wiki iliyofuata mjukuu alikuja parokiani na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na fedha za zaka ya miaka mitatu, hesabu kamili, pamoja na kadi ya jumuiya ya bibi yake. Fedha tulikuwa tumedai. Kadi hatukudai.

Swali lililonisumbua ni hili: yule Mzaramo alidai deni hadharani, na mimi nilidai deni hadharani. Yeye alisema marehemu amekufa na deni, nami nikasema hivyohivyo, tena kwa maneno ya adabu zaidi. Kwa nini la kwake lilimpa mjane nguvu ya kunywa uji, na la kwangu likamtoa kwenye jumuiya?

Jibu linaanzia kwenye njia ya misafara. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri wa nchi hii. Walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na nguo, shanga na waya, mzigo wa frasila mbili hivi kwa mtu, yaani zaidi ya kilo thelathini, kwa safari ya zaidi ya kilomita 800 kwenda tu. Safari moja ilimaliza miezi. Katika njia hiyo mtu aliugua, alichoka, alikufa. Ndugu zake walikuwa nyuma sana. Nani atampa maji? Nani atamchimbia kaburi katika nchi ambako hana ukoo? Makabila yaliyokutana njiani, mengine yakiwa yamepigana zamani, yalijenga utani kati yao, na Wanyamwezi na Wazaramo ni mfano unaojulikana kuliko yote. Mtani alikuwa na ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia na kula chakula chako bila kuomba. Lakini mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kukupa mahali pa kulala, kukuuguza, na ukifa, kukuosha na kukuzika.

Mwaka 1941 Mwingereza mmoja, R. E. Moreau, aliandika makala juu ya utani wa Tanganyika katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Nalitaja kwa sababu linanifurahisha: kazi aliyojulikana kwayo hasa ilikuwa kuchunguza ndege. Hata mtu wa ndege aliona kwamba hapa kuna jambo la kuandikwa.

Watu wengi wanapousifu utani husifu ucheshi wake, na hapo ndipo nilipokosea. Ucheshi ni sehemu ndogo. Utani una mambo mawili yanayoubeba. La kwanza ni kwamba unakwenda na kurudi: anayetania hutaniwa, na anayemwagiwa maneno ana haki ya kumwaga majivu. La pili ni kwamba ruhusa ya kusema hulipwa kwa kazi. Baadaye niliambiwa kwamba yule mzee wa reli alikuwa pale tangu usiku wa kwanza, alibeba maji, alichangia unga, na ndiye aliyesimamia vijana waliochimba kaburi. Kila mtu pale uwanjani alilijua hilo alipokuwa akidai deni lake la samaki, ambalo kwa kweli halikuwapo.

Aliyenifungua macho ni katekista wa kigango, mtu mzima aliyenizidi kwa miaka arobaini. Nilimwuliza, "Mwalimu, mbona yule amesema makubwa kuliko yangu?"

Akanijibu kwa kuuliza. "Yule alipomaliza, dada wa mjane alimfanya nini?"

"Alimmwagia majivu."

"Na wewe pale mbele, nani angekumwagia majivu?"

Nikanyamaza. Akaendelea: "Halafu wewe ni Mnyamwezi kama marehemu. Wewe ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Mtoto hamtanii baba yake mbele ya jeneza. Deni la samaki lilikuwa la uongo, ndiyo maana tulicheka. Deni lako la zaka lilikuwa la kweli."

Maneno hayo ya mwisho nimeyafikiria zaidi ya mengine. Mtani mwenye akili hutafuta deni la uongo. Anajua mahali penye kidonda na anakizunguka. Wale wanaodhani utani ni leseni ya kusema lolote waitazame Tabora yenyewe. Watani wengi nchini huitana watumwa: "Wewe mtumwa wangu, niletee maji." Kati ya Mzaramo na Mnyamwezi wa kawaida neno hilo hupita kama upepo. Lakini njia iliyopitisha pembe ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, na ni katika njia hiyo wamisionari wa Afrika walikomboa watoto watumwa miaka ya 1880. Katika Tabora, Ujiji na Bagamoyo zipo familia zilizoanza hivyo, na hawatembei wakilitangaza. Kwao neno lile ni habari ya bibi wa bibi yao. Nimewahi kuona barazani mtu akitaniwa hivyo na watu wote wakacheka, naye akacheka pia, kisha akaaga mapema.

Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa sababu dalili za mzaha ulioharibika ni ndogo, na msemaji ndiye wa mwisho kuziona. Anasikia kicheko tu. Inafaa asikie kimetoka wapi. Kikitoka kwa watu wasiohusika huku wahusika wakitazama chini, mzaha umekwisha kuharibika. Kama aliyelengwa anajibu kwa mzaha wake, hata mbaya kuliko wako, mko salama. Kama anajibu kwa adabu kupita kiasi, "umesema kweli, Frateri," umemfunga mdomo. Mtu aliyekaripiwa waziwazi ana haki ya kukasirika, na wenzake watamwelewa. Mtu aliyechomwa kwa methali hana haki hiyo. Akikasirika ataambiwa hana ucheshi, au ataambiwa yeye mwenyewe ndiye aliyejitambua, kwa kuwa hakutajwa jina. Katika utani haki hiyo ya kukasirika imeachwa na pande zote mbili kwa mapatano. Altareni nilimnyang'anya mjane bila mapatano yoyote.

Kwa hiyo naona methali inafanya kazi tofauti kadiri inavyopanda au kushuka. Inapopanda, kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, ni kinga. Bibi mmoja pale parokiani alimwambia paroko baada ya mahubiri ya saa nzima, "Padre, leo umetulisha mpaka tumevimbiwa." Paroko alicheka, na Dominika iliyofuata alihubiri dakika kumi na tano. Bibi yule asingeweza kusema, "Mahubiri yako ni marefu mno." Alihitaji pa kujificha, na methali au mzaha humpa mnyonge pa kujificha. Sisi tunaosikia maneno ya namna hiyo kutoka kwa waamini tusiishie kucheka tu. Mara nyingi ni malalamiko yaliyovaa nguo ya sikukuu. Lakini inaposhuka, kutoka kwa mwenye kipaza sauti kwenda kwa asiye nacho, anayejificha ni yule ambaye hakuhitaji kujificha. Mkubwa akitaka kuchekesha, ajicheke mwenyewe. Kama ningesema kwamba mimi Frateri ninakula zaka za watu hawa kila siku na bado nimenenepa kuliko wote kanisani, pengine mabenchi ya mbele yangetabasamu. Hata hivyo zaka isingepaswa kutajwa siku ile kwa namna yoyote. Karatasi ile nilikuwa na uwezo wa kuruka mstari mmoja.

Sisemi kwamba kiongozi asitumie mifano. Tabora ina kumbukumbu nyingine inayoonyesha mfano uliotumika vizuri katika jambo gumu. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu wa mwaka mjini humo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu: kila mpiga kura, mwenye sifa za elimu au kipato zilizowatupa nje Waafrika wengi, alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Wajumbe wengi walifika wakiwa na hasira na walitaka chama kisusie. Nyerere, ambaye alisoma Tabora na kufundisha Tabora, aliona kwamba kususia ni kuwaachia wengine viti. Alikuwa na ujumbe ambao ungeweza kumfanya aonekane msaliti. Akatoa mfano wa mtu aliyevaa nguo nyeupe safi, na shamba lake liko ng'ambo ya tope. Akitaka kulifikia atachafuka. Akitaka kubaki msafi atalipoteza.

Mfano huo ulifanya mambo ambayo methali yangu haikufanya. Haukumdhihaki aliyekataa; ulikubali kwamba hasira yake ni ya haki, kwamba kura tatu ni tope kweli. Na msemaji mwenyewe alikuwa ndani ya mfano, nguo zitakazochafuka zikiwa pamoja na zake. Tena haukuwa mwisho wa mazungumzo. Wajumbe walijadiliana, wakapinga, kisha wakapiga kura: 37 walikubali kushiriki, 23 walikataa. Watu 23 walisikia mfano ule ule na bado walikuwa na nafasi ya kusema hapana. Zuberi Mtemvu hakulainishwa hata kidogo. Alitoka na kuanzisha chama chake, African National Congress. Sioni kwamba hilo ni doa kwenye mfano. Mfano ulirahisisha kusikia, haukumlazimisha mtu kukubali, na aliyebaki na neno lake aliondoka nalo mchana kweupe badala ya kulifunga kwenye kitambaa.

Wanaosoma Maandiko watamkumbuka pia nabii Nathani mbele ya Daudi, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12. Tunapenda kufundisha habari ya kondoo wa maskini kana kwamba busara yote imo katika hadithi. Tunasahau kwamba Nathani hakuiacha hadithi ikining'inia. Mfalme alipokwisha kutoa hukumu, nabii alimwambia usoni kwamba mtu huyo ni yeye, akamtajia Uria kwa jina. Na alikwenda kwake. Hakungoja siku ya mkutano. Hadithi ilifungua mlango tu. Methali ambayo haifuatwi na neno la wazi humwacha msikilizaji akikisia: je, ni mimi? Anadaiwa kiasi gani, na afanye nini? Kigangoni kwetu, baada ya methali yangu, familia tatu nyingine zilidhani nimezisema wao.

Nilikwenda kwa mjane baada ya wiki mbili. Hapo napo nilikosea, na kosa hili la pili ndilo linanionea aibu zaidi kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuelezwa na katekista. Nilikuwa nimejiandaa njiani juu ya baiskeli. Nilimkuta anapepeta mpunga. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikaanza: "Bibi, wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki..."

Akauweka ungo chini. "Frateri, methali ninazo nyingi kuliko zako. Sema ulichokuja kusema."

Ilinichukua muda. Niligundua kwamba nilikuwa nimeichagua methali ile kwa sababu ndani yake hakuna mtu aliyemwaga maji. Yamemwagika tu, yenyewe. Nikasema, "Bibi, nilikosa. Nilikuaibisha mbele ya watu siku ya kumzika mume wako. Naomba unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alinieleza kuhusu zaka. Miaka ile mitatu mzee alikuwa akiugua, na fedha za tumbaku zilikwenda hospitali. Alikuwa ameacha kuja jumuiya kwa sababu kila wiki kadi zilisomwa kwa sauti, naye aliona aibu. Hakuna aliyewauliza. Zile fedha za kwenye kitambaa zilikuwa rambirambi.

Nilimweleza paroko. Tulimrudishia fedha zile kupitia kwa mtoto wake, na tuliacha kusoma kadi za zaka kwa sauti kwenye jumuiya za kigango kile; mweka hazina alianza kumwona kila mtu peke yake, na kumwuliza kwanza habari za nyumbani. Kadi ya jumuiya nilimpelekea mwenyewe. Aliipokea akaiweka kwenye kabati. Hadi ninaondoka parokiani alikuwa hajarudi.

Nimesahau kusimulia kilichotokea makaburini siku ile. Yule Mzaramo aliingia ndani ya kaburi na kukataa mwili kushushwa mpaka alipwe, kama ilivyo desturi. Walimpa shilingi elfu mbili. Akatazama watu, akaona nyuso zilivyokuwa tangu kanisani, akasema bado hatoki. "Na Frateri alipe. Mtani wangu huyu amesema sana leo, na kaburi hajachimba." Watu walicheka, safari hii hata mtoto mkubwa wa marehemu. Nilitoa elfu moja mfukoni nikampa, akatoka kaburini, akachukua jembe na kuanza kufukia mara mwili uliposhushwa. Nilitafuta jembe nami, lakini yote yalikuwa na watu.